Kwa nini utangulizi na hitimisho hushukiwa kuwa kazi ya mashine kuliko mwili wa insha

KATIKA vyuo vyetu vikuu siku hizi, kazi nyingi za wanafunzi husomwa mara mbili. Kwanza husomwa na programu ya kompyuta, kisha na mwalimu. Programu hiyo hutafuta dalili za akili unde, ile ambayo majirani zetu wa Tanzania huiita akili mnemba, na hurejesha ripoti yenye asilimia juu na rangi kwenye kila sentensi inayoshukiwa. Mhadhiri aliyezisoma ripoti hizi kwa muda ataona jambo linalojirudia. Rangi hujazana katika aya ya kwanza na aya ya mwisho. Katikati, pale penye hoja, mifano na ushahidi, ukurasa hubaki mweupe.

Wengi wetu hukimbilia jibu moja: mwanafunzi huyu ameandika mwili mwenyewe, kisha akaiomba mashine impe kichwa na mkia. Wakati mwingine ndivyo ilivyo. Lakini rangi hiyohiyo hujitokeza hata kwenye kazi ambayo hakuna mashine iliyoigusa, na hujitokeza mahali palepale. Tofauti kati ya hali hizi mbili si ndogo. Mwanafunzi wa kwanza amevunja kanuni za mtihani, na anaweza kufika mbele ya kamati ya nidhamu. Wa pili ameandika utangulizi dhaifu tu, kosa ambalo dawa yake ni kalamu nyekundu ya mwalimu. Ndiyo maana inafaa tujue kwa nini sehemu hizi mbili za insha hushukiwa zaidi.

Hili si dai la walimu wanaowatetea wanafunzi wao. Limesemwa na watengenezaji wenyewe. Kampuni ya Turnitin ilizindua kitambuzi chake cha maandishi ya akili unde Aprili 2023. Mwezi uliofuata, afisa wake mkuu wa bidhaa, Annie Chechitelli, alieleza hadharani yale waliyoyaona baada ya wiki chache za matumizi. Mojawapo lilikuwa hili: shutuma za uongo, yaani sentensi ya binadamu kuitwa ya mashine, zilikuwa nyingi zaidi katika sentensi chache za kwanza na chache za mwisho za kazi. Aghalabu hizo ndizo za utangulizi na hitimisho. Kampuni ikabadilisha namna ya kuzijumlisha sentensi hizo. Pia ikapandisha urefu wa chini wa kazi inayokaguliwa kutoka maneno 150 hadi 300, na ikaanza kuweka alama ya nyota penye matokeo yaliyo chini ya asilimia 20 ili kuonya kuwa hayategemeki sana. Kwa hivyo tatizo linajulikana. Ambalo halijaelezwa vya kutosha kwa walimu ni chanzo chake.

Hebu tuanze na kile kinachopimwa hasa. Nikikwambia "haba na haba" nikanyamaza, utamalizia mwenyewe: "hujaza kibaba". Hukufikiri, ulimi ulikutangulia. Sasa nikikwambia "Jana jioni jirani yangu alinunua" nikanyamaza, utasemaje? Mkate? Shamba? Mbuzi? Panga? Njia ni nyingi na yoyote inawezekana. Mfumo wa akili unde unaoandika maandishi hufanya mchezo huu huu. Kila hatua huyapa maneno yanayoweza kufuata uwezekano wake, kisha huteua, mara nyingi kutoka yale yaliyo juu ya orodha. Basi maandishi yake huwa na tabia ya kwenda mahali panapotarajiwa.

Vitambuzi vingi vya mwanzo viligeuza mchezo huo upande wa pili. Mwaka 2019 watafiti Sebastian Gehrmann, Hendrik Strobelt na Alexander Rush walitoa chombo kiitwacho GLTR ambacho hupaka rangi kila neno la matini. Neno likiwa miongoni mwa 10 ambayo mashine ingeyatarajia zaidi, hupata kijani. Likiwa ndani ya 100, manjano. Likiwa ndani ya 1,000, nyekundu. Lililo mbali zaidi hupata zambarau. Ukurasa uliojaa kijani unatia shaka. Januari 2023, Edward Tian, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Princeton, alitoa GPTZero, iliyopima mambo mawili: kiasi cha mshangao wa maneno, na jinsi mshangao huo unavyopanda na kushuka kutoka sentensi moja hadi nyingine. Binadamu, ilidhaniwa, hupanda na kushuka. Mashine hutembea kwenye tambarare.

Vitambuzi vya baadaye, kikiwemo cha Turnitin, havipigi hesabu hiyo moja kwa moja. Hufunzwa kwa kuonyeshwa maandishi mengi ya watu na mengi ya mashine hadi viweze kuyatenganisha. Lakini tofauti kubwa vinayokutana nayo katika mafunzo hayo ni ileile ya utarajikaji. Hakuna kati ya vitambuzi hivi kinachomwona mwandishi akiandika. Vyote huona maneno tu, na huuliza kama maneno hayo yanafanana na yale ambayo mashine ingeyatoa.

Tuchukue insha ya mfano. Nimeitunga mwenyewe kwa Kiswahili ili sote tuione mitindo yake, ingawa kitambuzi cha Turnitin kilianza na Kiingereza peke yake, na tasnifu nyingi za vyuo vyetu huandikwa kwa lugha hiyo. Swali ni: "Jadili athari za mifuko ya plastiki nchini Kenya." Mwanafunzi anaanza hivi:

"Katika ulimwengu wa sasa, uchafuzi wa mazingira ni mojawapo ya changamoto kubwa zinazowakabili wanadamu. Mifuko ya plastiki ina athari nyingi kwa binadamu, wanyama na mimea. Insha hii inanuia kujadili athari hizo na kupendekeza suluhisho."

Kisha, katika aya ya tatu ya mwili, anaandika hivi:

"Kabla ya Agosti 28, 2017, mama anayeuza omena karibu na kwetu alikuwa akiwafungia wateja kwa mifuko ya plastiki isiyolipiwa. Marufuku ilipoanza alihamia magazeti ya zamani. Omena wa kukaanga wakachuja mafuta, mafuta yakalegeza wino, na wateja wakaanza kuja na bakuli zao."

Anamalizia hivi:

"Kwa kuhitimisha, ni bayana kwamba mifuko ya plastiki ina athari nyingi kwa binadamu, wanyama na mimea. Ni jukumu la kila mmoja wetu kuyatunza mazingira kwa manufaa ya vizazi vijavyo."

Msomaji yeyote aliyepitia shule ya upili nchini humu ataitambua sauti hii. Si sauti ya mashine. Ni sauti ya darasa la insha.

Sasa tupige hesabu ndogo, kwa namba nilizozibuni ili kuonyesha mwendo wake tu. Mshangao unaweza kuelezwa kama idadi ya maneno ambayo mashine ingekuwa inayapigia kura kwa usawa mahali fulani. Baada ya "Katika ulimwengu wa", tuseme ni mawili, "sasa" na "leo". Baada ya "ni mojawapo ya", tuseme manne, yakiwemo "changamoto" na "matatizo". Mahali pa tatu mawili, mahali pa nne manne. Ili kupata wastani unazizidisha namba hizo, 2 mara 4 mara 2 mara 4, unapata 64. Kisha unatafuta namba ambayo ikijizidisha mara nne hutoa 64. Jibu ni kama 2.8, karibu 3. Maana yake ni kwamba, kwa wastani, mwandishi alikuwa akichagua neno moja kati ya matatu.

Njoo kwa mama wa omena. Mahali pamoja pana machaguo 2, pa pili 50, pa tatu 200, kwa sababu nani angetabiri neno "omena" katika insha ya plastiki? Pa nne 20. Zidisha zote upate 400,000. Namba inayojizidisha mara nne kufikia hapo ni karibu 25. Angalia jambo moja hapa. Mahali pengine katika sentensi hii pana machaguo mawili tu, sawa na utangulizi. Haikuhitaji kila neno liwe geni. Ilihitaji vitu viwili vitatu mahususi, na wastani ukaruka kutoka 3 hadi 25. Mwanafunzi ni yuleyule na siku ni ileile. Kilichobadilika ni kazi ambayo aya imepewa.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza na kubwa kuliko zote. Utangulizi na hitimisho ni sehemu za desturi. Mwaka 1990 mwanaisimu John Swales alionyesha jinsi utangulizi wa makala za kitaaluma unavyofuata hatua zilezile: mwandishi hutaja uwanja anaouzungumzia na kusema una umuhimu, huonyesha pengo lililomo, kisha hutangaza jinsi atakavyolijaza. Hatua zikiwa zilezile, maneno nayo huja yaleyale. Mwili wa kazi hauna desturi ya namna hiyo, kwa kuwa huamuliwa na kile kilichochunguzwa.

Sisi Waswahili na watumiaji wa Kiswahili hatuhitaji kusafiri mbali ili kulielewa hili. Mtambaji wa ngano huanza kwa "paukwa" akajibiwa "pakawa", au kwa "hapo zamani za kale", kisha kila mmoja huenda na zimwi lake. Barua ya kirafiki huanza kwa salamu za afya na humalizika kwa salamu kwa wote nyumbani. Habari yenyewe imo katikati. Tenzi nyingi za kale hufunguliwa kwa kumtaja Mungu na kuomba msaada wa kuifanya kazi. Mtafiti anayetaka kujua utenzi usio na jina ni wa malenga gani hawezi kutegemea dua hiyo ya ufunguzi, kwa kuwa malenga wengi waliiandika kwa maneno yanayokaribiana. Atatafuta lahaja, msamiati na mbinu za vina ndani ya utenzi. Kitambuzi kinapopaka rangi utangulizi, kinafanya sawa na mtu anayewatuhumu watambaji wote wa ngano kuwa ni mtu mmoja kwa sababu wote walisema "hapo zamani za kale".

Tena kuna mzunguko hapa unaostahili kutajwa. Mashine ilijifunza kuandika kutokana na maandishi ya watu, zikiwemo insha zisizohesabika zenye utangulizi, mwili na hitimisho. Kisha ikarekebishwa kwa kufuata majibu ambayo watu waliyapendelea, na majibu yanayoanza kwa kufungua mada na kumaliza kwa kuifunga huonekana nadhifu. Kwa hiyo mashine huandika utangulizi wa kishule kwa ustadi mkubwa. Kitambuzi nacho, kikifunzwa kwa kuonyeshwa kazi za mashine, hukariri kwamba "kwa kuhitimisha, ni bayana kwamba" ni dalili ya mashine. Mwanafunzi aliyefunzwa maneno hayo kabla ya ChatGPT kuzaliwa Novemba 2022 anashtakiwa kwa kufanana na aliyemwiga.

Sababu ya pili inahusu hitimisho hasa. Mashine haipimi neno likiwa peke yake. Hulipima kwa kuzingatia yaliyotangulia. Inapofika mwisho wa insha yetu, imekwisha kuona maneno "mifuko ya plastiki", "athari nyingi" na "binadamu, wanyama na mimea". Yanapotajwa tena hayawezi kushangaza. Na hitimisho tunalolifundisha ni lipi? Ni lile linalorudia hoja kuu bila kuleta jambo jipya. Walimu wengi hukata alama hitimisho likileta jambo jipya. Basi tumemwagiza mwanafunzi aandike aya isiyo na mshangao, kisha tumenunua chombo kinachoadhibu ukosefu wa mshangao.

Sababu ya tatu ni ya kiufundi. Kitambuzi cha Turnitin hukata kazi katika vipande vya maneno mia kadhaa vinavyopandana, mfano wa vigae vya paa, ili kila sentensi isomwe pamoja na majirani zake. Kila sentensi hupewa alama kati ya 0 na 1, kisha alama hizo hujumlishwa. Ukilifikiria paa hilo utaona kwamba sentensi ya katikati hufunikwa na vigae kadhaa, kwa hivyo hupimwa mara kadhaa, ikiwa na majirani mbele na nyuma. Sentensi ya kwanza kabisa haina jirani mbele yake, na ya mwisho haina nyuma yake. Huangukia vipande vichache, na kipimo kikikosea, hakuna vipimo vingine vingi vya kukisahihisha. Kampuni haikueleza kwa kina ni marekebisho gani iliyoyafanya kwenye kingo hizi, lakini kule kuzishughulikia kwa namna ya pekee kunaonyesha kwamba kingo zilikuwa dhaifu.

Sababu hizi tatu humwangukia kwa uzito zaidi mwandishi anayetumia lugha ya pili au ya tatu. Mwaka 2023 Weixin Liang na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walivipa vitambuzi saba insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya asilimia 61 ya insha hizo za binadamu ziliitwa za mashine. Insha za wanafunzi wa darasa la nane nchini Marekani zilipita karibu bila tatizo. Maelezo ya watafiti yalikuwa yaleyale ya mshangao: mwenye msamiati mfinyu huenda kwenye neno lililo karibu. Nami naongeza kwamba ni katika utangulizi na hitimisho ambapo mwandishi kama huyo hushika sana fomula alizokariri, kwa kuwa ndipo hana ukweli mahususi wa kumsaidia.

Twende sasa kwenye asilimia iliyo juu ya ripoti, maana hapo ndipo madhara hutokea. Asilimia hiyo hutaja sehemu ya kazi inayoshukiwa. Haitaji uwezekano wa mwanafunzi kuwa na hatia. Tuseme insha yetu ina sentensi 20: utangulizi 4, mwili 13, hitimisho 3. Kitambuzi kikipaka rangi utangulizi wote na hitimisho lote, ni sentensi 7 kati ya 20, yaani asilimia 35. Mhadhiri mwenye haraka ataona 35 na kusema theluthi ya kazi hii ni ya wizi. Sasa mpe mwanafunzi huyohuyo kazi ndefu ya sentensi 60, yenye sentensi 4 za kufungua na 4 za kufunga za aina ileile. Zote 8 zikipakwa rangi, ni asilimia 13, chini ya ile mpaka ya 20, na huenda asiitwe ofisini kabisa. Tabia yake ya uandishi haijabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni urefu wa mwili uliogawanya namba hiyo. Kwa hivyo anayeandika insha fupi yumo hatarini kuliko anayeandika tasnifu, kwa sababu kingo zake ni sehemu kubwa ya kazi yake.

Je, mwalimu afanyeje anapopokea ripoti yenye rangi kichwani na mkiani pekee? Kwanza akubali kwamba umbo hilo lina maelezo zaidi ya moja. Huenda mwanafunzi ameandika kwa fomula. Huenda ameiomba mashine impe kichwa na mkia. Huenda pia kazi yote ni ya mashine, naye akaubadilisha mwili maneno na kusahau kingo. Ripoti haiwezi kuyatenganisha maelezo haya matatu, kwa kuwa yote hutoa rangi ileile mahali palepale. Ushahidi lazima utoke kwingine.

Mahali pa kwanza pa kutazama ni mshono kati ya utangulizi na mwili. Utangulizi uliobandikwa baadaye na asiyeusoma mwili huahidi mambo ambayo mwili hauyatimizi. Katika mfano wetu, utangulizi uliahidi "kupendekeza suluhisho". Kama mwili hauna suluhisho lolote, hilo ni swali halali la kumwuliza mwanafunzi, ingawa bado si hukumu, maana hata mwandishi mzembe huahidi asichokitoa. Mahali pa pili ni historia ya faili. Programu kama Google Docs huhifadhi jinsi maandishi yalivyokua. Aya iliyoandikwa, ikafutwa nusu na kurekebishwa ina alama za mikono ya mtu. Aya iliyotua nzima kwa mara moja inahitaji maelezo, na maelezo hayo huenda yakawa tu kwamba iliandikwa kwanza kwenye simu. Mahali pa tatu ni mazungumzo. Mwulize mwanafunzi kwa nini alianzia pale alipoanzia, na angeanzaje kama angeandikia wasomaji wa Kisumu badala ya mtahini. Aliyeifanya kazi ana la kusema.

Wapo watakaosema kwamba mjadala huu ni wa bure, kwa kuwa utangulizi unaofanana na wa mashine ni mbovu na unastahili kuadhibiwa, awe ameuandika nani. Nakubali nusu ya hoja hiyo. Ni mbovu kweli. Kipimo changu ni rahisi: uondoe utangulizi huo, uubandike juu ya insha nyingine. "Katika ulimwengu wa sasa... ni mojawapo ya changamoto kubwa" unaweza kukaa juu ya insha ya dawa za kulevya, ya ukame au ya ajali barabarani, na usimshtue mtu. Utangulizi unaofaa kila mahali hauna kazi popote. Mwalimu aukate alama bila huruma. Lakini nusu ya pili siikubali. Alama za uandishi hukatwa kwa sababu ya ubora wa maneno. Adhabu ya udanganyifu hutolewa kwa sababu ya kitendo, na kitendo huhitaji kuthibitishwa. Kuzichanganya hizi mbili ni kumfukuza mtu chuoni kwa kosa la kutumia maneno makuukuu.

Chuo Kikuu cha Vanderbilt nchini Marekani kilipoamua Agosti 2023 kukizima kitambuzi cha Turnitin, kilitoa hesabu iliyo wazi. Mwaka 2022 kilikuwa kimepitisha kazi 75,000 katika mfumo huo. Kampuni ilidai kwamba kosa la kuiita kazi ya binadamu ya mashine ni asilimia 1. Hata kwa kuliamini dai hilo, kazi 750 zingeweza kushutumiwa bure. Nyuma ya kila moja kuna mwanafunzi anayetakiwa kuthibitisha kwamba aliandika alichoandika, jambo gumu kuliko kuandika kwenyewe. Chuo hakihitaji kukizima kitambuzi ili kujifunza kutokana na hesabu hiyo. Kinaweza kuanza kwa kukataa kumwita mwanafunzi mbele ya kamati kwa rangi iliyoko kichwani na mkiani pekee.

Upande wa darasa, kazi ni yetu walimu wa lugha. Mwanafunzi wetu wa plastiki alikuwa na utangulizi mzuri mkononi, ila aliuficha katika aya ya tatu. Angeanza hivi: "Magazeti ya jana ndiyo yaliyofungia omena baada ya Agosti 28, 2017, na wino wake uliingia kwenye chakula. Insha hii inauliza nani aliyegharimika marufuku ya mifuko ya plastiki ilipoanza, na kwa nini gharama hiyo haikuhesabiwa." Na hitimisho, badala ya kuturudishia "binadamu, wanyama na mimea", lingesema bakuli la mteja limetatua nini na halijatatua nini. Kitambuzi huenda kingemwachilia, lakini hiyo ni faida ya pembeni. Mtahini angejua tangu sentensi ya kwanza kwamba anasoma insha hii na si nyingine, na ripoti ikija na rangi kwa bahati mbaya, mwanafunzi angekuwa na jambo lake la kulieleza akiketi mbele ya mwalimu wake.